Kilo za Maji

Mke wangu ni mtaalamu wa lishe. Alipopata kazi katika hospitali moja Ireland, nilibaki Nyeri na duka letu la vipuri vya magari, na nyumba ambayo ghafla ilikuwa na vyumba vingi. Jioni za Julai, ukungu ukishuka kutoka mlimani, nilikuwa nakaa jikoni nikipasha chakula cha jana na kukila nikiwa nimesimama.

Alipoanza kuzungumzia likizo yake, nilijiangalia kwenye kioo nikaona tumbo ambalo hakuliacha. Nilitaka anikute kama alivyoniacha. Bila kumwambia, nikajiandikisha kwa jimu iliyo juu ya duka la mbao, na nikaanza kula keto: nyama, mayai, parachichi, sukuma wiki. Wanga nikauacha wote. Hakuna ugali, hakuna nduma, hakuna mukimo wa viazi na mahindi.

Wiki ya kwanza mizani ilishuka karibu kilo tatu. Nilimpigia simu ya video hata kabla sijavaa shati.

"Nimekonda!" nikamwambia. "Utanitafuta uwanja wa ndege unipite."

Alicheka, lakini alinitazama kwa macho yake ya kazini. "Umeacha nini, mzee wangu?"

"Nitakuambia ukija," nikasema.

Nilikuwa nimekonda lakini sina nguvu. Vyuma nilivyoinua mara kumi siku za kwanza vilinishinda nikifika sita. Kocha wa jimu akanishauri nitumie unga wa kreatini, kijiko kidogo kila siku kwenye maji. Nguvu ya kuinua mara mbili tatu za mwanzo ilianza kurudi polepole. Lakini mizani nayo ikapanda, kilo moja, kisha karibu mbili. Nikadhani ninanenepa. Nikapunguza chakula, nikaacha hata supu, nikaongeza mazoezi.

Asubuhi moja, nikiinua chuma kutoka sakafuni, ukuta ulizunguka. Nilijikuta nimekaa chini, misuli ya mguu imekaza kama kamba, kocha ananishika bega.

Mchana huo nilimpigia mke wangu, na nikamweleza yote.

"Ati keto? Na haukuniambia?" Nilisikia mlango ukifungwa upande wake. "Sikiza. Mwili huweka wanga kwa misuli na kwa ini. Inaitwa glaikojeni. Kila gramu moja inashikilia kama gramu tatu za maji. Ukiacha wanga, glaikojeni inaisha, na maji yake yanaenda. Hizo kilo zako za kwanza nyingi zilikuwa maji."

"Sio mafuta?"

"Mafuta kidogo tu. Tena insulini ikishuka, figo zinatoa chumvi zaidi, na maji yanaifuata. Ukaacha na supu. Ndiyo maana umeona kizunguzungu."

"Na hii kreatini inaninenepesha?"

"Inavuta maji ndani ya misuli. Mizani inayaona, lakini si mafuta. Inakusaidia kwa kazi fupi ya nguvu. Haiwezi kuchukua nafasi ya glaikojeni, kwa hivyo ukifika mara ya sita utachoka tu. Kunywa supu, weka chumvi, kula ushibe." Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Ulikuwa unafanya haya yote kwa nini?"

Nilisogea hadi kwenye dirisha la duka. Mvua ilikuwa inaanza kunyesha juu ya mabati ya soko.

"Nilitaka unikute vile uliniacha," nikasema.

Alilia. Nilisikia akijaribu kujizuia kwa sababu alikuwa kazini. "Mimi mwenyewe siji vile niliondoka," akasema. "Nimeota mvi. Uko na njaa huko, na mimi niko na njaa huku. Si ya chakula."

Alikuja Desemba. Alikuwa amekonda usoni, na mvi kweli zilikuwepo, pembeni mwa masikio. Usiku wa kwanza alipika mukimo na nyama ya kukaanga. Nilikula sahani mbili, yeye akinitazama kama anayekula kwa macho. Baada ya siku chache mizani ilikuwa imerudisha karibu kilo zote za mwanzo. Nilimwita aje aone.

"Hizo ni glaikojeni na maji," akasema, akiegemea mgongo wangu. "Zimerudi nyumbani."

Jimuni wiki hiyo niliinua mara kumi bila kuyumba. Alikuja kutazama, akakaa kwenye benchi akiwa amejifunika koti, kocha akimletea chai.

Likizo ilikuwa fupi. Kumsindikiza kulikuwa kugumu kuliko mara ya kwanza, kwa sababu sasa nilijua nyumba itakavyokuwa.

Kreatini bado natumia, na wanga nala kwa kiasi. Saa nne asubuhi, wateja wakiwa wachache dukani, namenya nduma, naweka simu kando ya sahani. Kwake ni wakati wa kifungua kinywa. Hatusemi mengi. Nasikiliza kijiko chake kikigonga bakuli la uji, na sitaki aumalize.