Shamba la Chini

Kikundi chetu cha wakimbizi wa kambi ya Dzaleka, Malawi, kilikodi mashamba kwenye mteremko. Kwa kuwa nilisoma kidogo kule Bukavu, nikapewa kazi ya karatasi: kila shamba na mstari wake, na kila msimu magunia yaliyovunwa, gharama ya mbegu na mbolea, kisha faida. Nilijivunia mno. Nikaibandika ukutani, kanisani.

Karatasi ile ndiyo iliyoleta minong'ono. Msimu baada ya msimu shamba la juu, la mwenyekiti wetu, lilishuka, na la chini likapanda. La chini lilikuwa la mama mmoja Mrundi, mjane, ambaye hakununua mbolea hata mara moja. Asubuhi moja tukakuta majivu yamemwagwa kulizunguka shamba lake, na hakuna aliyeuliza ni nani kayamwaga.

"Anavuta mahindi ya benzake," mwenyekiti aliniambia. "Njo vile umeandika we mwenyewe. Shamba tutamunyanganya."

Nilikasirika. Ushirikina, na watu tumesoma! Mvua ilipopiga nikaenda kuangalia. Sisi watu wa mjini tulilima matuta kufuata mteremko, na katikati yake maji mekundu yalishuka taratibu, yakibeba mbolea ya mwenyekiti hadi kwa mama yule. Nikayaeleza hayo mkutanoni. Kisha sauti moja ikauliza kwa upole, "Na hayo maji, nani anayaita?"

Wakaamua mama na mwenyekiti wabadilishane mashamba. Mama akahamia shamba la juu, akayakata matuta upya, safari hii yakikingama mteremko, akatia samadi ya mbuzi. Maji yakatulia kwake. Msimu ule shamba la juu likatoa faida. La chini, kwa mwenyekiti, halikurudisha hata gharama ya mbolea.

Nilifurahi kama mjinga. Ushahidi si huo! Nikabandika karatasi mpya mbio mbio. Watu wakaja, wakasoma, wakaondoka. Mwanamke mmoja alimziba mtoto wake macho.

Mama alinijia mchana wa siku ileile.

"Ulitaka kunisaidia, mwanangu," alisema. "Sasa bameona faida nimehama nayo."

Akapanda tena msimu uliofuata, lakini hakuna aliyemsalimu wala kunywa maji kwake. Kabla ya kuvuna akahamia mtaa wa Biwi, Lilongwe, mahindi akayaacha yamesimama.

Mwaka ule mgao wa chakula ulipunguzwa, njaa ikatubana kwelikweli. Hata hivyo hakuna aliyevunja hindi moja. Wezi nao, ambao hawamwogopi Mungu, walipita mbali.

Nikasema mimi nitavuna. Nilibeba gunia, nikaingia, nikashika hindi la kwanza. Upepo haukuwapo. Upande wa pili wa shamba majani makavu yakachakarika, yakanyamaza, yakachakarika tena, karibu zaidi.

Nikarudi nyumbani na gunia tupu. Kwenye mstari wa shamba lile, chini ya mavuno, nikaandika sufuri.