Kadi ya Njano ya Jumapili

Nilipokuwa keshia wa duka la kubeti Kawangware, mteja aliyenisumbua kuliko wote alikuwa mtu mpole. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, anauza viatu vya mitumba Soko la Toi, na kila wikendi alikuwa refa wa mechi za mtaani kule Kibera. Sote tulimwita Ref. Mimi nilikaa Raila, kijiji cha huko huko Kibera, kwa hivyo nilikuwa nimemwona uwanjani mara nyingi kabla hajasimama mbele ya dirisha langu.

Vijana wengi walikuja kutabiri nani atashinda. Ref hakujali nani atashinda. Yeye alibeti kadi tu: mchezaji fulani, kwenye mechi fulani, ataonyeshwa kadi. Alikuwa anajua ni refa gani wa Ulaya huvumilia na ni yupi hutoa kadi upesi, na ni beki gani akipitwa mara mbili na winga mwenye mbio huanza kuvuta jezi.

Jumamosi moja aliniletea noti tano za elfu.

"Madam, weka zote kwa huyu beki. Apewe kadi."

Niliandika elfu tano, mashini ikakataa. Ikaonyesha dau la juu kabisa: mia tano.

"Mia tano tu, Ref."

"Huyo kijana umemhudumia sasa hivi ameweka elfu kumi."

"Ameweka kwa timu kushinda. Hiyo inakubali. Yako ni ya mchezaji mmoja."

"Kwani pesa yangu ina ugonjwa?"

Nilimpigia supervaiza wangu, naye akanieleza huku akitafuna kitu. Mechi yenyewe, alisema, inabetiwa na maelfu ya watu pande zote mbili, na bei yake inachunguzwa na dunia nzima, kwa hivyo ni vigumu iwe mbaya sana. Lakini kadi ya beki mmoja inabetiwa na watu wachache. Kampuni ikikosea bei, wanaoijua ndio hao hao watakaokuja kuichukua. Mashuti pia ni vivyo hivyo, na hata magoli ya mchezaji mmoja: mtu akijua mapema nani ataanza au nani atapiga penalti, ameshatutangulia.

"Na kadi ndiyo mbaya zaidi," akamaliza. "Goli lahitaji timu nzima. Kadi, mtu mmoja akitaka, anaipata. Rafiki yake anaweza kumlipa."

Nikamrudishia Ref maneno hayo kama nilivyoyapokea. Nilikosea. Uso wake ulibadilika.

"Mimi nimeshika filimbi miaka ishirini na mbili," alisema. "Nimetukanwa, nimefukuzwa kwa mawe. Sijauza mechi hata moja. Leo mashini inaniita mwizi?"

"Haikuiti mwizi, Ref. Inaogopa wanaojua."

"Basi inataka wasiojua peke yao."

Aliweka mia tano, akavuka barabara na kuweka mia tano nyingine kwa duka la kampuni nyingine lililotutazama. Mechi ilikuwa kesho yake.

Jumapili jioni alirudi na karatasi mbili mkononi. Beki wake hakuanza. Alikaa benchi, akaingizwa dakika ya sabini na tano, akamaliza mechi bila kadi.

"Hii ya ng'ambo ya barabara wamenirudishia mia tano yangu," alisema, akiweka karatasi ya kwanza kaunta. "Wamesema hakuanza, kwa hivyo beti imefutwa. Sasa nipe ya hapa."

Niliskani karatasi yetu. Skrini ikasema: imepotea, yaani dau limeliwa.

Nikaskani tena. Imepotea.

"Mchezaji ni mmoja," akasema Ref polepole, kama anayemweleza mtoto. "Mechi ni moja. Dakika ni zile zile. Kule beti imefutwa, hapa imekufa. Nieleze."

Laini ya wateja ilikuwa imefika mlangoni. Nikafungua kanuni zetu kwenye kompyuta, kitu ambacho, nakiri kwa aibu, sikuwa nimewahi kufanya. Zilikuwa za Kiingereza, kurasa baada ya kurasa. Nilipoifikia sehemu ya wachezaji, niliona mistari miwili: mchezaji akikanyaga uwanja hata dakika moja, beti inahesabiwa. Inafutwa tu asipocheza kabisa. Kwa wenzetu wa ng'ambo, kwenye kadi, lazima aanze mechi, la sivyo dau linarudi.

"Kwa hivyo nani yuko sawa?" Ref akauliza.

"Wote. Kila kampuni na kanuni yake."

"Mpira una sheria moja dunia nzima."

"Mpira, ndiyo. Sisi hapana."

Kijana aliyekuwa nyuma yake akapiga kelele, "Mzee, songa bana, mechi inaanza!" Ref akakunja karatasi zake, akatoka bila kuniaga. Nilimhudumia yule kijana kwa hasira, na sikujua hasira ile ni ya nani.

Wiki iliyofuata nikachukua karatasi kubwa na kalamu ya wino mzito, nikaandika kwa Kiswahili: mchezaji akiingia hata mwishoni, beti yako inahesabiwa; asipocheza kabisa, unarudishiwa; kama ilikuwa kwenye mkeka wa mechi nyingi, hiyo moja inaondolewa na zilizobaki zinaendelea kwa malipo madogo zaidi; shuti lililozuiwa na beki ambaye si wa mwisho mbele ya goli halihesabiwi kuwa limelenga goli. Nikaibandika kando ya dirisha. Watu waliisoma. Wengine waliuliza maswali mazuri, wengine wakaamua wasibeti mchezaji.

Supervaiza alipokuja Alhamisi aliibandua.

"Nani amekupa ruhusa ya kutafsiri kanuni?"

"Hazisomeki na wateja."

"Ziko kwenye tovuti."

"Kwa Kiingereza, na ndani kabisa."

"Ukikosea neno moja, mtu atatushtaki kwa karatasi yako. Kazi yako ni kupokea dau."

Alikuwa na hoja, na hilo lilinikera zaidi. Niliomba ofisi iandike ya kwake. Nikajibiwa kwamba ombi limepokelewa. Hadi naondoka pale miezi minne baadaye, ukuta ulikuwa na picha za washindi tu.

Ref alihamia duka la ng'ambo ya barabara. Tulipungiana mkono barabarani, basi. Kisha Jumapili moja mchana akaingia kwetu, akangoja laini iishe, akaniwekea mbele karatasi ya wale wenzetu.

"Sidai kwenu," alisema. "Nataka tu mtu anayenielewa aione."

Mchezaji wake alianza safari hii, akacheza dakika zote. Filimbi ya mwisho ilipolia, alimkimbilia refa, akamfokea, akaonyeshwa kadi ya njano pale pale uwanjani. Duka lao lilikataa kulipa: kadi baada ya filimbi ya mwisho haihesabiwi.

Nikafungua kanuni zetu. "Hata kwetu usingelipwa."

"Kumbe kwa hili mnakubaliana." Aliketi kwenye kiti cha plastiki. "Sheria ya mpira inasema refa ana mamlaka ya kutoa kadi mpaka atoke uwanjani. Mimi mwenyewe nimezitoa hivyo, Kambi Muru hapo Kibera, watu wakinizingira. Nikaandika kwenye ripoti na kijana akafungiwa mechi. Ilikuwa kadi."

"Ni kadi, Ref."

"Basi niambie ni kadi ya nani, kama kila mtu anaiona na hakuna anayeihesabu."

Alitaka jibu kweli. Alinitazama usoni akalingoja. Nyuma yake mwanamke mmoja aliyebeba mfuko wa sukuma wiki alisogea dirishani akaniuliza kama straika wake akigonga mwamba hilo ni shuti lililolenga goli. Nikamwambia hapana, halihesabiwi.

"Hata likitikisa goli zima?" akauliza.

Ref ndiye aliyemjibu, kabla sijafungua mdomo. "Hata likitikisa, mama. Soma kanuni kwanza."

Kisha akainuka akaenda zake Toi.