Mzee wa Bafuni

Hili ninalowasimulia hamtaliamini, na wala sitawalaumu. Dada yangu aliliona kwa macho yake mawili na bado haliamini, na huyo dada yangu huamini kila kitu kinachotangazwa redioni. Mpwa wangu, binti yake, alichukua kosa lake mwenyewe la kazini, akaliandika vizuri kwenye karatasi, akaliwekea ushahidi, akaenda kuwakabidhi watu wenye uwezo wa kumnyang'anya leseni. Kwa hiari yake. Hakuna aliyemshikia fimbo.

Mpwa wangu ni mpiga eksirei katika hospitali kubwa. Ni mfupi, mkali, anatembea kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Kazi imemharibu hata mdomo. Ukimwomba chumvi mezani atakwambia, "Kaa hivyohivyo, usitikisike," halafu ndiyo akupe. Wachumba wawili wamekimbia, nami siwalaumu hata kidogo.

Mambo yalianza pale baraza la taaluma yao lilipomtumia ujumbe kwamba leseni yake inakaribia kwisha, na safari hii yeye ni miongoni mwa watakaokaguliwa jalada. Wao wenyewe huliita potifolio, kwa sauti ya puani. Ni faili linaloonyesha kwamba tangu upate leseni hukuwa umelala: ushahidi wa ulichojifunza na ulichokifanya, tafakuri zako kuhusu kazi hiyo, na mpango wa utakachojifunza mbele. Likikataliwa, hugusi mashine mpaka ulirekebishe. Unakalishwa dirisha la mapokezi, unaandika majina ya wagonjwa. Kwa mpwa wangu, ambaye anaipenda ile mashine kuliko anavyonipenda mimi, hilo lilikuwa msiba.

Mimi nilikuwepo kwa sababu ni fundi wa makochi, bora kuliko wote ninaowajua, na siku hizo nilikuwa nabadilisha vitambaa vya makochi ya dada yangu. Kwa hiyo nilikuwepo sebuleni, misumari mdomoni, alipoingia Semina.

Semina ni mpiga eksirei mwenzake, mkubwa kwake kazini. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu hakuna semina inayompita. Ana vyeti vya kuzima moto, vya kuzungumza na wateja, vya kupanga mafaili, na kimoja cha ufugaji wa nyuki, maana ukumbi ulikuwa jirani na chakula kilikuwa cha kujipakulia. Hajawahi kufuga hata inzi. Aliingia amekumbatia jalada lake kama mama aliyetoka kujifungua, akaliweka juu ya meza, meza ikalia.

"Unaona hilo?" akamwambia mpwa wangu. "Dada yangu, wakaguzi hawasomi. Wanapima uzito."

"Na tafakuri je? Mimi kuandika tafakuri siwezi, kaka."

"Nani kakwambia uandike?" Akatoa flashi mfukoni. "Ipo moja safi humu. Badilisha jina tu."

Mpwa wangu akaifungua kwenye kompyuta na kuisoma kwa sauti. Ilisema hivi: nilimpokea mzee aliyeanguka bafuni, akiwa na maumivu ya nyonga. Nilimhudumia kwa upole. Nilijifunza umuhimu wa upole. Nitaendelea kuwa mpole.

Nilicheka mpaka msumari ukanitoka mdomoni.

"Fundi, wewe endelea na sponji zako," Semina akanikemea. "Haya ni mambo ya kitaaluma."

"Nimekusikia, profesa wa nyuki," nikamjibu.

Basi mpwa wangu, mwenye diploma yake ukutani, akakubali kulishwa upuuzi ule. Nilimdharau siku ile, na sikumficha. Alishinda anatumbukiza vyeti kwenye mifuko ya plastiki, akanunua jalada lenye maua, akachapisha na picha ya eksirei ya mgonjwa ili lipendeze. Yule mzee wa bafuni akawekwa mbele kabisa, kama mgeni rasmi.

Kabla ya kulituma, ilimpasa alipeleke kwa mkuu wa idara yao alipitie. Mkuu ni mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi, haongei sana, lakini akiongea unatamani angenyamaza. Alifungua ukurasa wa kwanza, akasoma, akauliza:

"Huyu mzee bado hajapona tu?"

"Mzee gani, Mkuu?"

"Huyu wa bafuni. Nimemsoma kwa wenzako wote walioleta mafaili. Kila mtu alimpokea yeye, na kila mtu alijifunza upole. Hilo bafu lina nini?" Akafunua tena. "Na hii picha. Jina la mgonjwa liko wazi hapa kwenye kona. Alikupa ruhusa? Na hiki cheti cha kuzima moto: ulipotoka kwenye mafunzo, ulibadilisha nini kazini kwako?"

Mpwa wangu akakodolea macho maua ya jalada.

"Wiki moja," Mkuu akasema, akamrudishia maua yake.

Alifika nyumbani akalitupa lile jalada kwenye kochi nililokuwa nimelivua kitambaa. Hapo ndipo mjomba wake nilipoonyesha kwamba kichwa si cha kunyolea tu.

"Hebu tazama humu ndani," nikamwambia. "Aliyetengeneza kochi hili alijaza magunia na magazeti, juu akavalisha kitambaa kizuri. Mama yako amekalia magazeti miaka yote akijiona tajiri. Na wewe umeshona kochi kama hili."

"Mjomba, sina hamu ya makochi."

"Haya, niambie. Lini uliharibu kazi?"

Akanitazama kama nimemtukana. Kisha akakaa sakafuni, akasema polepole. Aliwahi kupokea mwanamke aliyeumia kifundo cha mkono. Karatasi ya daktari ilisema kushoto. Yule mwanamke, kwa maumivu, alikuwa ameushikilia mkono mbovu kwa ule mzima, na alipoambiwa aweke mkono mezani akaweka ule mzima. Mpwa wangu hakuuliza, akapiga. Picha ikatoka safi, mfupa hauna hata ufa. Aliporudia kusoma karatasi ndipo damu ikamwishia usoni. Akamweleza mgonjwa, akamwomba radhi, akapiga mkono wenyewe, akaripoti kwa Mkuu siku ileile. Mionzi ilikuwa kidogo, lakini, kama alivyosema mwenyewe, hata hicho kidogo yule mama hakukihitaji.

"Ukaishia hapo?"

"Hapana. Nilichambua picha zote tulizorudia kwenye chumba chetu cha eksirei, nione kwa nini tunarudia. Nikaanza utaratibu: kabla sijabonyeza, mgonjwa anataja jina lake mwenyewe na kunionyesha panapouma, nami nalinganisha na karatasi. Baada ya hapo picha za kurudia zikapungua. Mkuu alikuja akanitazama ninavyofanya, akaniandikia maoni na kusaini."

"Sasa hayo yote yako wapi humu kwenye maua?"

"Mjomba, nikiweka hilo wananifuta!"

Akampigia Mkuu simu, nikasogeza sikio. Mkuu hakupoteza maneno: "Uliliripoti, halikufichwa. Wanachotaka kujua ni ulifanya nini baadaye. Ondoa kila kitu kinachomtambulisha mgonjwa." Akakata.

Wiki hiyo nyumba ilinuka gundi yangu na hasira zake. Vyeti vilitolewa vyote, kikabaki kimoja tu, cha mafunzo ya usalama wa mionzi, kwa sababu ndicho kilichohusika. Ikaingia nakala ya ripoti ya tukio isiyo na jina la mtu, uchambuzi wa picha zilizorudiwa, kabla na baada, na maoni ya Mkuu. Tafakuri aliiandika mara nyingi sana. Ya kwanza ilikuwa ya kujitetea, nikamwambia inanuka. Ya pili ilikuwa ya kujililia, nikamwambia hii ni barua ya mapenzi. Mwisho akaandika kilichotokea, kwa nini hakuuliza (foleni ilikuwa ndefu naye aliona aibu kuonekana mzito), nini kimebadilika, na nini bado kinamshinda. Kinachomshinda ni kupiga picha watoto wadogo, hawatulii. Basi huo ndio ukawa mpango wake: kukaa na mwenzake mzoefu wa wodi ya watoto, kusoma mwongozo fulani, na kupima maendeleo yake kwa picha za watoto anazolazimika kurudia. Jalada zima likawa jembamba kama mkate wa mwisho wa mwezi.

Semina alipolisikia hilo alikuja mbio.

"Unajichongea! Nani anawapelekea wakaguzi kosa lake?"

"Mtu mwenye kosa," mpwa wangu akajibu. "Wewe una mzee."

Wakaguzi wakaja hospitalini. Semina aliitwa kwanza, mpwa wangu yuko kwenye benchi nje, mlango haufungi vizuri. Walipindua yale makaratasi, wakauliza swali moja tu kuhusu mzee.

"Ilikuwa nyonga ipi? Ya kulia au ya kushoto?"

Kurasa zikasikika zikifunuliwa harakaharaka.

"Ya... ya bafuni," Semina akasema.

Haki ya Mungu, hivyo ndivyo alivyosema. Na mtu huyo ndiye alikuwa anawafundisha wenzake kuandika tafakuri! Amekula vyakula vya semina zote, akabeba vyeti kama mchuuzi wa kalenda, akashindwa kujua binadamu ana nyonga ngapi.

Mpwa wangu alipoingia walimbana. Kwa nini hukuuliza mgonjwa? Akasema. Una uhakika gani kwamba utaratibu wako ndio uliopunguza kurudia, na si bahati? Akasema hana uhakika wote, ndiyo maana anaendelea kupima. Wakamkosoa pia: mpango wake haukuwa na tarehe ya kujitathmini. Akaiandika palepale, kalamu ikimponyoka, yeye anayewaambia watu wasitikisike. Leseni ikatoka.

Semina amepewa muda wa kuandaa upya. Kwa sasa yuko dirishani mapokezi. Ukienda utamkuta: "Jina? Umri? Umeumia wapi?" Nami nilikwenda makusudi, mgongo haunisumbui hata kidogo, nikamwambia nimeanguka bafuni.

Lakini sehemu kubwa mpwa wangu huwa haisemi kwa watu, kwa hiyo nitaisema mimi. Wakaguzi walipofunga lile jalada, machozi yakawalengalenga. Wakauliza nani mwalimu wako, naye akajibu kwa sauti iliyofika mpaka wodini kwamba ni mjomba wangu, fundi makochi. Hapohapo wakaagiza gari, jeusi, lenye bendera, likaja mpaka mlangoni kwa dada yangu, akashuka mwenyekiti wa baraza mwenyewe, akavua kofia, akapiga goti mbele yangu akiniomba niwe—

"Mjomba, gari gani? Siku ile ulikuwa umelala kwenye kochi la mama unakoroma, na nakala ya jalada langu umeifanya mto!"