Kumi na Tisa Peke Yake

Tekla Lugembe amekuwa mkunga kwa miaka ishirini na miwili katika zahanati moja upande wa Usoke. Kwa hiyo alipoitwa Tabora mjini kuwaeleza wafadhili habari za usafiri wa wajawazito, ofisi ya afya ya wilaya ilimpatia mtaalamu wa kumfundisha kuongea. Mtaalamu huyo alikuwa Bwana Festo, ambaye zahanati aliwahi kuiona pichani tu.

Festo alikuwa na slaidi moja yenye tarakimu kumi na nne, chati mbili na nembo sita. Ilitosha kumuuguza mtu yeyote macho.

"Dada Tekla, wafadhili wanapenda data."

"Wanapenda. Kusoma je?"

Akafungua rejista yake ya rufaa. Mwaka uliopita akina mama ishirini na sita walipewa rufaa kwenda hospitali, uchungu ukiwa umeshaanza. Kumi na tisa walipanda bodaboda.

"Weka 19," alisema. "Ijaze slaidi. Chini yake mstari mmoja: kati ya akina mama 26 wa rufaa, walisafiri kwa bodaboda."

"Tuandike asilimia sabini na tatu. Inasikika kama utafiti!"

"Wataniuliza ni ya watu wangapi. Nikisema ishirini na sita, wataniona tapeli."

Festo akakubali kwa shingo upande, ila akamwandikia maneno ya kusema: kurasa tatu, zikianza na "kama mnavyoona, hapa pana namba kumi na tisa." Maana wafadhili, masikini, hawajui kusoma. Tekla alizikunja kurasa zile, akaziweka chini ya thermos.

Siku ya mkutano namba ilitokea ukutani, kubwa kama mlango. Tekla akanyamaza. Festo, nyuma ya projekta, alianza kumpungia mkono akidhani amesahau.

Ukumbi ulipotulia, akasema, "Hii ni rejista ya zahanati moja, mwaka mmoja. Siisemei wilaya nzima. Mmoja wao alijifungulia njiani, akiwa ameshikilia mgongo wa dereva. Mtoto ni mzima. Dereva amekataa kubeba wajawazito tena. Naomba bajaji moja ya wagonjwa."

Akakaa. Dakika mbili hazikufika.

Mzee Awadhi, mwenyekiti wa kikao, akainua miwani. "Na wale saba, mama?"

"Watano gari la wagonjwa, kwa kuwa siku hizo lilikuwa zima. Wawili lori la tumbaku."

Mtu mmoja akacheka, kisha akaona aibu.

Wafadhili waliahidi bajaji, ila kwanza wakaunda kamati, kama ilivyo desturi. Bajaji ilifika baada ya miezi saba. Bwana Festo naye sasa anaendesha semina iitwayo "Nguvu ya Namba Moja". Wasilisho lake lina slaidi hamsini na nane.

Wiki iliyopita dereva wa bajaji alimuuliza Tekla kama magunia ya mahindi yanaruhusiwa. Alijibiwa kwa Kinyamwezi, na jibu lile halikuhitaji projekta.