Mwendo wa Babu Sirili

Rukaiya binti Hussein alikuwa mvivu, na mshahara wake ulitokana na uvivu huo. Ndivyo alivyopenda kujitambulisha kwa wageni waliopanda ngazi hadi vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, katikati ya Moshi, ilikotengenezwa katuni ya watoto iitwayo Kijiji cha Ndishi. Wageni walicheka. Kisha aliwaonyesha uvivu wenyewe, na baadhi yao walishuka ngazi wakiwa na kinyongo kidogo, kama mtu aliyechungulia jikoni akaona supu ya kuku haina kuku.

"Mnamwona huyu bibi anavyoongea?" aliwauliza. "Haongei. Mwili mzima umelala. Ninachobadilisha ni mdomo tu, na mara mojamoja nampepesa macho."

Midomo yenyewe ilishachorwa zamani. Kulikuwa na wa kutamka a, wa kutamka o, uliofumbwa kwa ajili ya m na b, na mingine michache, yote imehifadhiwa kwenye kompyuta mahali walipopaita ghalani. Humo ghalani mlikuwa pia na ng'ombe mmoja anayetafuna, ambaye akibadilishwa rangi anakuwa ng'ombe wa jirani. Mlikuwa na watu wa sokoni wanaotikisa vichwa, ambao walishahudhuria harusi, msiba na mkutano wa kijiji wakiwa wamevaa nguo zilezile. Na aliyetembea hakutembea kwenda popote. Alipiga hatua palepale katikati ya kioo, wakati migomba ikirudi nyuma yake, nayo ilikuwa mchoro mmoja mrefu ambao mwisho wake ulichorwa ukaungana na mwanzo wake, ukizunguka kama mkanda wa mashine ya kusaga. Akitakiwa kurudi nyumbani anapinduliwa tu, kulia kunakuwa kushoto, safari imekwisha.

Bila ghala kusingekuwa na katuni. Kuchora kila kitu upya kungemla mtu wiki nzima kwa kitu cha kutazamwa dakika moja, na Aristides, mwenye ofisi, hakuwa na uwezo wa kumlipa mtu wiki hizo. Rukaiya alilijua hilo na hakuona aibu yoyote. Aibu ilimjia kwa mlango mwingine.

Kitu kimoja tu ghalani alikifanya bila uvivu, nacho ni mwendo wa Babu Ndishi, babu mpole wa katuni hiyo. Mwendo huo ulikuwa wa mtu halisi. Babu Sirili wa Uru, huko mlimani, alikuwa akiteremka na maziwa hadi nyumbani kwa kina Rukaiya, Rau, tangu Rukaiya hajaota meno, mguu wa kushoto akiuburuta, koti limefungwa vifungo vyote. Rukaiya alipohitaji babu wa kutembea, alimwomba ruhusa ya kumpiga video kwa simu pale uani.

"Nitembee kawaida au nitembee vizuri?" aliuliza Babu Sirili.

"Kawaida, babu."

"Kawaida yangu ndiyo hii. Usije ukasema sikukuambia."

Akatembea kutoka bombani hadi mlangoni, akarudi, ameinua kidevu kama yuko kwenye maandamano ya Ekaristi. Rukaiya alikaa na ile video akaifuata picha kwa picha. Mguu mzima unatangulia, bega linashuka, mguu mbovu unasita kidogo kabla haujafuata, kisha mwili unajikusanya na kuanza tena. Mchoro wa mwisho aliukabidhi kwa wa kwanza bila mtikisiko hata kidogo, hivi kwamba babu angeweza kutembea hadi mwaka kesho pasipo mtu kugundua kwamba anarudia zilezile hatua mbili. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na alijua.

Babu Sirili naye alijua. Baada ya misa aliwaambia watu kwamba yupo kwenye televisheni. Kasoro moja tu aliiona akacheka nayo: yule wa kwenye katuni akienda anachechemea mguu wa kushoto, akirudi anachechemea wa kulia. "Mwenzangu ana bahati," alimwambia Rukaiya. "Anapumzisha mguu."

Halafu wakahitaji mlevi.

Kipindi kilitakiwa kwenye kituo cha televisheni asubuhi inayofuata, na mwandishi alikuwa ameongeza mlevi wa kupita njiani na kuanguka kwenye mfereji. Rukaiya alifungua ghala, akachukua miguu ya Babu Ndishi, akaiwekea kichwa kingine chenye pua nyekundu, koti lililochanika na chupa mkononi. Akakilaza kiwiliwili upande, akaacha kila mchoro ukae kwenye kioo muda mrefu kidogo zaidi, mwendo ukawa mzito. Alipomaliza, chai yake ilikuwa haijapoa. Aristides alipouona ule mguu ukisita na kuburuzwa alicheka mpaka akashika meza. Rukaiya naye alicheka. Hicho ndicho alichokuja kukikumbuka baadaye kuliko vyote, kwamba alicheka, na kwa sauti.

Mzee Chakari, kama walivyomwita, alipendwa mno. Watoto walimtaka kila kipindi, na kumrudisha kulikuwa kazi rahisi, miguu ipo, migomba ipo, mfereji upo. Aristides akamweka hadi kwenye wimbo wa kufungulia, akawa anapita kila siku, akianguka mahali palepale.

Maziwa yakaanza kuletwa na Bibi Kornelia, mke wa Babu Sirili. Rukaiya alidhani ni uzee. Siku moja alimkuta ameketi kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba yao akimsubiri mtu wa kumpokea ndoo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeshindaje?"

"Salama. Na babu? Mguu unamsumbua?"

"Mguu ni uleule, haujambo. Njia ndiyo imemshinda." Bibi Kornelia alifunua mfuniko wa ndoo, akaufunika tena. "Pale shuleni watoto wanamfuata nyuma, wanaburuza miguu, wanaimba Mzee Chakari. Alianza kupitia ndani ya mashamba ya kahawa ili wasimwone. Wakamgundua na huko. Sasa hatoki, hata kanisani anakwenda misa ya kwanza, kukiwa bado giza."

Rukaiya alisema pole. Neno lilitoka dogo.

"Wewe unajua alivyovunjika?"

"Hapana, bibi."

"Alipanda kukata tawi lililolalia paa la kanisa. Paroko mwenyewe ndiye aliyemwomba. Tawi likamvuta. Lakini kuna watu walisema alipanda akiwa na pombe ya mbege kichwani, na maneno hayo, mwanangu, tuliyabeba miaka. Mpaka waliokuwa wakiyasema walipozeeka na kufa. Tukasema basi, yamezikwa." Alimtazama Rukaiya kwa upole kabisa. "Wewe ulimchora vizuri yule wa kwanza. Alifurahi. Huyu wa pili sijui ni nani huko ofisini aliyemchora."

Hapo ndipo angesema. Ilikuwa sentensi moja, tena fupi. Badala yake Rukaiya alipokea ndoo, akaingia ndani, akamimina maziwa kwenye sufuria, akaiosha ndoo vizuri kuliko ilivyohitaji kuoshwa, akairudisha. Bibi Kornelia alimshukuru. Alimwombea na baraka, na zile baraka zilimchoma Rukaiya kuliko matusi.

Ofisini alimwambia Aristides kwamba Mzee Chakari lazima aondolewe.

"Yumo kwenye wimbo, Rukaiya. Yumo kila mahali. Nikimwondoa nabaki na nini?"

"Basi miguu yake iondoke."

"Umchoree mwendo mpya? Lini?"

Rukaiya alivuta kiti, akafungua ghala. Alichukua uzio wa majani uliokuwa humo tangu kipindi cha kwanza, akauweka mbele ya Mzee Chakari ukamfunika hadi kiunoni. Sasa mlevi alipita nyuma ya uzio, kiwiliwili kikipanda na kushuka, chupa ikiyumba, miguu haionekani. Aristides alitazama, akatikisa kichwa.

"Kumbe. Tena ni rahisi zaidi."

Ilikuwa rahisi zaidi, kweli. Hakuna fundi wa katuni asiyejua kwamba mhusika akikatwa kiunoni huna haja ya kuchora miguu. Uzio huo ungeweza kuwekwa siku ile ya kwanza, kwa uvivu uleule, na Babu Sirili angekuwa bado anapita barabarani. Kama Rukaiya angekuwa amekosa kwa kubanwa na muda, angekuwa na la kujitetea. Alikosa kwa sababu mguu wa mzee ulichekesha. Na vipindi vya zamani vilikuwa kwenye simu za watu, ambako uzio usingeweza kupelekwa.

Jumamosi alipanda Uru. Njiani alikata jani la isale kwenye uzio wa mtu, baada ya kuomba, akalifunga fundo kama inavyotakiwa. Alikuwa mtoto wa Kiislamu wa mjini, lakini nani kakulia Moshi asijue kwamba anayepelekewa isale hakatai kusamehe? Alilijua hata kikazi. Ghalani mlikuwa na mkono unaonyoosha isale, aliouchora mara moja, na mkono huo ulishaomba radhi kwa mjomba, kwa mwalimu na kwa mwenye mbuzi, ukibadilishwa mkono wa shati tu. Alipolishika jani la kweli alitazama vidole vyake akaona vimekaa vilevile. Akavibadilisha. Havikukaa vizuri namna yoyote.

Babu Sirili alikuwa barazani kwenye kigoda, anachambua maharage, fimbo yake imeegemezwa ukutani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Karibu, mjukuu wangu."

Rukaiya alipiga magoti, akanyoosha jani kwa mikono yote miwili. "Babu, wote wawili nimewachora mimi. Na huyu wa pili. Ni miguu yako."

Mlangoni Bibi Kornelia alisimama na kikombe mkononi.

"Nilijua," alisema Babu Sirili. "Sura si yangu. Ila mtu anajua mwendo wake." Alilitazama jani muda mrefu, kama mtu anayepewa mzigo na hana mahali pa kuuweka. Kisha akalipokea. "Isale nimelipokea. Yamekwisha. Kornelia, mletee mgeni chai."

Alikunywa chai. Waliongea habari za mvua na bei ya kahawa, na mzee alikuwa mkarimu kama zamani, hata akamtania kuhusu kuolewa. Rukaiya alianza kupumua. Alipoaga, Babu Sirili alinyoosha mkono kwenye fimbo, kwa sababu katika maisha yake yote hakuwahi kumwacha mgeni aondoke bila kumsindikiza hadi barabara kubwa. Mkono ukafika kwenye fimbo. Akamtazama Rukaiya, akautazama ua mrefu ulio mbele yao, mweupe kwa jua. Mkono ukarudi kwenye maharage.

"Kornelia atakusindikiza," alisema.

Waliondoka wanawake wawili. Walipopita uzio wa masale na nyumba ikafichika, Rukaiya alisikia kigoda kikisogezwa huko nyuma, kisha hatua: moja nzito, kimya kidogo, moja ya kuburuzwa. Hakugeuka.