Nakala Iliyobaki Ofisi ya Ardhi

Baba alichoma karatasi jikoni kwa mama, mbele ya wazee watano wa ukoo, kisha wakachinjiwa kuku wakala na kila mtu akarudi kwake akiamini kwamba jambo limekwisha. Mimi sikuwepo. Nilikuwa mjini Kakamega nikipiga taipu kwa wakili mmoja wa Kihindi, mzee mwenye subira ya kusoma barua mara nne na asiye na subira hata kidogo na mimi. Mama ndiye aliyenisimulia Jumapili iliyofuata, akiwa na furaha tele, na mimi badala ya kufurahi nikauliza kama kuna aliyekwenda ofisi ya ardhi. Mama alinitazama kama mtu aliyeletewa chumvi akiwa ameomba sukari.

Karatasi yenyewe ilikuwa hati ya uwakili. Miaka ile bendera ya uhuru ilikuwa bado mpya, na mashamba ya Lurambi yalikuwa yamepimwa na kuandikishwa, kila mtu na namba yake. Baba alikuwa akifanya kazi reli, mbali huko pwani, akija nyumbani mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo alimpa mdogo wake hati ya kusimama mahali pake: kulima, kukodisha, kutia sahihi, hata kuuza. Hati ikasajiliwa ofisi ya ardhi, nakala moja ikabaki kule, na ile yenye muhuri akapewa baba mdogo. Nisimwonee baba mdogo. Miaka ya kwanza alilitunza shamba vizuri, na ada yangu ya shule ya taipu ilitoka kwenye mahindi aliyosimamia yeye.

Ila mtu akikaa sana mahali pa mwenzake husahau kwamba ni mahali pa mwenzake. Baba alipostaafu na kifua kibovu, alimkuta ndugu yake akimtembeza mgeni kwenye kipande cha chini, upande wa mto, wakihesabu hatua. Hapo ndipo wazee walipoitwa. Baba mdogo aliombwa hati, akaitoa bila ubishi, ikatiwa motoni. Kwa desturi ya kwetu, neno likishasemwa mbele ya wazee na kitu chenyewe kikaharibiwa mbele ya macho yao, nani tena atalifufua?

Nilijua nani. Wiki mbili baadaye wakili alinituma kwa karani wa bodi ya ardhi, ile inayotoa kibali kabla ya shamba kuuzwa. Juu ya meza yake palikuwa na orodha ya maombi ya kikao kijacho, na kwa kuwa macho yangu hayajawahi kujua adabu, niliisoma kichwa chini miguu juu. Namba ya shamba letu ilikuwamo. Muuzaji: baba yangu, kwa mkono wa wakili wake aliyesajiliwa, yaani baba mdogo. Mnunuzi: mkulima wa mahindi kutoka upande wa Lumakanda. Na ombi halikuwa la kipande cha chini peke yake. Lilikuwa la shamba zima, pamoja na mahali nyumba ya mama iliposimama.

Nilirudi ofisini nikamweleza wakili, na siku hiyo hakunikosoa kitu. Alinieleza polepole. Mwenye kutoa hati anaweza kuiondoa wakati wowote, lakini kuichoma si kuiondoa. Ofisi ya ardhi haioni moshi wa jikoni kwetu. Inaona kitabu chake, na kitabuni hati bado hai. Baba mdogo alikuwa amekwenda kuomba nakala iliyogongwa muhuri, nayo ina nguvu sawa na ile iliyoungua. Kama yule wa Lumakanda angenunua kwa nia safi, bila kujua kwamba baba ameiondoa, na tangazo la kuiondoa halimo kitabuni, sheria ingemlinda yeye. Sisi tungebaki tukigombana na baba mdogo huku mama akifungasha vyungu.

“Kwa hivyo,” alisema, “mwambie mzee aje atie sahihi. Halafu tuwaambie wote. Wote, umesikia? Mtu ambaye hajaambiwa ndiye atakayekuumiza.”

Nilipiga taipu jioni ile ile. Tangazo la kuondoa hati, la kuwasilishwa kwa msajili wa ardhi. Barua kwa baba mdogo. Barua kwa bodi. Barua kwa mkulima wa Lumakanda. Zote zilisubiri sahihi moja.

Kumshawishi baba ndiyo ilikuwa kazi. Nilimkuta amekaa na redio yake, nikamweleza yote. Hakukataa kwamba nasema kweli. Kilichomuuma ni aibu. Ndugu yake alikuwa ameinamishwa mbele ya wazee mara moja. Kumpeleka serikalini ilikuwa kumwita mwizi kwa herufi za taipu. Akaniambia, “Karatasi tulichoma. Nyinyi watu wa ofisi mnapendanga kufukua maneno.” Nilikasirika. Nilimwambia kwamba kama anaona aibu kumwumiza mdogo wake, basi ajiandae kumwambia mama aende kulala wapi. Sikuwahi kusema na baba namna ile, na sijui nilipata wapi mdomo. Alizima redio. Akasema Jumanne atakuja mjini atie sahihi mbele ya hakimu.

Jumatatu alikohoa damu, akapelekwa hospitali kuu. Jumanne saa sita mchana, wakati ambao angekuwa mahakamani, alifariki. Mkobani mwangu mlikuwa na tangazo, limepigwa taipu bila kosa hata moja, na mahali pa sahihi pakiwa peupe.

Nilikwenda kwa wakili na macho yamevimba. Nilidhani tumepotea. Alilichukua lile tangazo, akalikunja akaniambia halina kazi tena, hakuna mtu awezaye kumtilia sahihi marehemu. Kisha akaniuliza kama ninajua kilichotokea kwa hati yenyewe. Nilikuwa nimepiga taipu hati za uwakili zisizo na idadi na sijawahi kujiuliza. Hati ya namna ile, alisema, haimzidi umri aliyeitoa. Dakika ile baba alipokata roho, baba mdogo aliacha kuwa wakili wake. Hakurithi uwakili, wala mama hakuupata, wala mimi. Shamba litasimama hivyo hivyo kwa jina la baba hadi mahakama itaje warithi.

Lakini, akaongeza, na nilijua “lakini” inakuja, kitabu hakijui kwamba baba amekufa. Asiyejua bado analindwa. Na safari hii hatukuhitaji sahihi ya baba: yeyote anayehusika anaweza kumwarifu msajili kwa maandishi, akiwa na ushahidi wa kifo. Bodi ilikuwa ikae Jumanne iliyofuata.

Tulimzika Alhamisi. Karatasi ya hospitali nilikuwa nimeichukua mwenyewe na kuifuatilia hadi nikapata cheti cha kifo kabla ya mazishi, lakini baada ya hapo ofisi zilipokuwa wazi mimi nilikuwa msibani, na binti wa marehemu hatoki nyumbani kabla wafiwa hawajanyolewa nywele za msiba. Shangazi walinionya hivyo, na kwa hilo niliwatii. Siku ya kunyolewa ilikuwa Jumapili. Siku hiyo, kwetu, ndiyo siku ya kusema. Nywele zikishaanguka, mwenye dai lolote juu ya marehemu husimama akalitoa mbele ya watu, na asiyelitoa hana haki ya kulileta kesho. Vivyo hivyo aliyekuwepo hawezi kesho kudai kwamba hakusikia.

Yule mkulima wa Lumakanda alikuja. Alikuwa mtu mzima mwenye heshima, amevaa koti zito kwenye jua, na nilijilazimisha kumchukia nikashindwa. Alisimama akatupa pole, akaeleza kwamba ana mapatano na marehemu kupitia ndugu yake, kwamba anataka watoto wake wasome karibu na mji, na kwamba angependa kujua kama mambo yanaendelea. Baba mdogo akainuka kabla hajaulizwa. Alisema ndugu yake alimpa mkono akiwa hai na akili timamu, serikali ikaandika, na ya serikali hayachomwi na mtu. Wazee wale watano walitazama chini. Walikuwa wameonyeshwa kwamba moto wao ulikuwa bure.

Nilisimama. Mtu mmoja akauliza nani ametoa ruhusa kwa msichana, na mama, ambaye kwa siku tano hakuwa amesema neno, akasema ni yeye.

Sikuwa na hotuba. Nilimgeukia mkulima, si baba mdogo, kwa sababu yeye ndiye sheria ilikuwa ikimtazama. “Mzee, ninakuambia mbele ya watu hawa. Baba mdogo alikuwa mkono wa baba. Mwenye mkono tulimzika Alhamisi. Hakuna sahihi yake tena juu ya shamba hili, na wewe sasa unajua.”

Mkulima alimgeukia baba mdogo. Akamwuliza kama ni kweli, kwamba karatasi inakufa na mtu. Baba mdogo alisema hajui. Nadhani alisema kweli. Hata mimi sikujua wiki moja kabla. Mkulima akachukua kofia yake akasema yeye hanunui kutoka kwa aliyekufa. Mmoja wa wazee akaomba tuimbe, tukaimba.

Ningeweza kutulia hapo. Lakini huyo alikuwa mnunuzi mmoja, na nakala yenye muhuri ilikuwa bado mfukoni mwa baba mdogo. Kenya ilikuwa na watu wengi ambao hawakuhudhuria matanga yetu. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi, na kichwa changu kimenyolewa kiking'aa, nilikuwa mlangoni pa ofisi ya ardhi kabla karani hajafungua.

Alisoma barua yangu, akasoma cheti, akatoa faili. Kwa mara ya kwanza niliiona sahihi ya baba kwenye ile nakala: herufi kubwa, zimeinama kulia, za mtu aliyejifunza kuandika akiwa mkubwa. Karani aliipeleka kwa msajili, akarudi na kitabu. Aliniambia barua hii ikikubaliwa, bodi itaarifiwa na ombi litaondolewa. Kisha akanisukumia kalamu, nitie sahihi chini ya maneno kwamba mimi, binti yake, ninathibitisha kwamba aliyetoa hati amekufa.

Wiki nzima nilikuwa nimelibeba lile neno kila mahali. Nilikuwa nimelisema kwa daktari, kwa wakili, kwa mkulima, na kila nilipolisema lilitufungulia mlango. Nilikuwa nimeanza kulipenda, Mungu anisamehe, kwa sababu ndilo lililokuwa likimwokoa mama. Sasa nilikuwa nimeshika kalamu na mkono haukwenda. Karani aliniuliza kama kuna kosa kwenye barua.

“Hakuna,” nikamwambia. “Ni kweli amekufa.”

Nikatia sahihi, nikalia pale pale kaunta, na karani akasubiri mpaka nikamaliza ndipo akagonga muhuri.