Sare ya Mtu Mmoja

Barua ya kwanza niliiandika kwa hasira. Ilianza na "Ninyi wezi wakubwa" na ikaendelea hivyo hivyo mpaka chini ya ukurasa. Jirani yangu hapa Mkuza, mzee aliyestaafu ukarani wa mahakama, aliisoma akiwa amesimama mlangoni mwa duka langu, miwani imemshuka puani, kisha akanirudishia.

"Mama, barua ya madai haitukani," aliniambia. "Inataja. Mzigo gani, ulitumwa lini, kwa stakabadhi ipi, umepotelea mikononi mwa nani, unataka ulipwe nini, na wasipolipa utakwenda wapi. Ukiwatukana watajibu matusi, mzigo watausahau."

Nikamwambia basi aandike yeye, mimi mkono unatetemeka. Akakataa. Alisema aliyepotelewa ni mimi, na kutetemeka si ugonjwa.

Nauza vitenge. Duka lenyewe ni chumba kimoja cha mbele ya nyumba ya kupanga, na riziki yangu kubwa si ya dukani, ni sare za harusi. Mama mmoja wa Maneromango, huko Kisarawe, alikuwa anamwoza binti yake wa kwanza. Ndugu, mawifi na majirani wakakubaliana kuvaa kitenge kimoja, nami nikampelekea mfano: kipande cha yadi sita, zambarau iliyoiva, maua ya njano kama ya mbaazi. Wanawake wakakishika, wakakinusa, wakajifunga, wakapiga vigelegele kabla hata ya bei. Mfano ule nikamwachia mama mwenye harusi, uwe ndio sare yake. Wengine wakanilipa mmoja mmoja kwa simu, wengi wao kwa hela ya mihogo na korosho. Nikaikusanya yote nikamtumia dada wa Kigoma, ambaye ameniletea vitenge miaka na miaka ingawa hatujawahi kuonana. Akafunga mzigo, akaupeleka kwenye kampuni ya kusafirisha vifurushi, akanitumia picha ya stakabadhi. Mzigo ulitakiwa ufike ofisi yao ya hapa jirani, Maili Moja.

Haukufika.

"Upo njiani, mama," aliniambia binti wa kaunta. Kesho yake, upo njiani. Wiki iliyofuata bado upo njiani, nikamuuliza kama unakuja kwa miguu. Hakucheka. Mwishowe akageuza kompyuta yake nione. Mzigo umeshushwa Dodoma kubadilisha gari, na baada ya Dodoma hakuna kitu. Nafasi iliyobaki ilikuwa nyeupe tu.

Jamani, ninyi hamjui. Ile hela haikuwa yangu. Kila simu ikilia ni Maneromango: mwenzetu, fundi anasubiri. Mwenzetu, harusi Jumamosi ya wiki ijayo. Nikaanza kujibu "inakuja, inakuja," kama binti wa kaunta. Halafu nikazima simu. Nilifunga duka mchana nikakaa ndani nimejifungia, nikisikia watu wakigonga, na kila aliyegonga nilidhani ametoka Kisarawe kuja kunivua nguo sokoni. Nililia mpaka nikajichukia. Mfanyabiashara wa sare akishaitwa tapeli kijiji kimoja, vijiji vyote vimesikia.

Nilipomaliza kulia nikaenda kwa meneja. Alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionimaliza. Akaniwekea stakabadhi mezani, akaweka kidole palipoandikwa kilichomo: nguo za mtumba. Akasogeza kidole palipotakiwa kuandikwa thamani. Patupu. Kisha akaigeuza upande wa nyuma, penye masharti yaliyochapwa kwa herufi ndogo kama chawa, akanisomea kwamba mzigo usiotajwa thamani hulipwa kiwango chao tu, basi. Kiwango chenyewe kisingenunua hata vipande vitatu.

"Lakini vilikuwa vitenge vipya!"

"Mama, hapa pameandikwa mitumba."

Nikampigia dada wa Kigoma nikiwa nimesimama palepale nje ya ofisi. "Shoga yangu," akasema, "si ndivyo tunavyoandika siku zote? Ukiandika vitenge vipya, wapakiaji wanauchungulia njiani. Ukiandika mitumba hakuna anayehangaika nao." Ningemgombeza kwa lipi? Mizigo yangu yote iliyowahi kufika salama iliandikwa mitumba. Kila mtu wa biashara yetu anafanya hivyo, tunafundishana hivyo, na siku zote ulinzi wetu umekuwa huo.

Nikarudi ndani. Meneja akaniambia mambo matatu. Kwanza, kwa karatasi zao anayedai ni mtumaji, kwa hiyo dada wa Kigoma aniandikie kunipa ruhusa ya kudai. Pili, nilete uthibitisho kwamba vilikuwa vipya: alivinunua wapi, na nani walioviagiza. Tatu, wana ghala Dar ambako mizigo iliyobanduka karatasi zake hukaa ikisubiri wenyewe. Kama ninacho kipande cha kitenge chenyewe, kizima, chenye pindo lenye maandishi ya kiwanda, watalinganisha.

Kipande kilikuwa kimoja tu Tanzania nzima nilichokijua, na kilikuwa Maneromango. Na walioviagiza walikuwa ni walewale niliokuwa nawakimbia. Mfa maji haachi kutapatapa, nikaenda.

Kisarawe mjini nilishuka nikapanda pikipiki, na njia ile ya mchanga ilikuwa imechimbika mpaka kijana akaniomba nishuke nitembee mara kadhaa. Sikulalamika. Nilikuwa natamani njia isiishe.

Nilimkuta uani anachambua mchele wa harusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakunyanyua macho. "Kumbe u mzima. Sie tulishakusomea hitima."

Wanawake wawili waliokuwa naye wakaacha walichokuwa wanafanya. Nikapiga magoti pale kwenye vumbi, sikupanga, nikasema yote. Dodoma, mitumba, herufi za chawa. Mmoja akaniita mwizi, mwingine akaniita jina baya zaidi ya hilo. Mama mwenye harusi aliendelea kuchambua mchele mpaka ungo ukaisha. Ndipo akauliza, "Sasa umefuata nini huku?"

Nikamwambia nimefuata maneno yao na sahihi zao, kwamba waliniagiza na wakanilipa. Na kitenge.

"Kitenge changu?"

"Kukilinganisha tu, mama. Huenda mzigo uko ghalani."

Akaingia ndani akatoka nacho kimekunjwa ndani ya kanga. Kilikuwa hakijashonwa. Fundi wake alimwambia asubiri wenzake, washone mshono mmoja. Akakikunjua mapajani, akakipapasa kutoka pindo hadi pindo. Mimi nikasema labda tukate kidogo tu upande wenye maandishi, yeye abaki na cha kutosha gauni. Yule aliyeniita mwizi akaenda kuleta mkasi.

Mama akaushika mkasi, akauweka chini.

"Chukua chote," akasema. "Nitavaaje peke yangu, wenzangu wananitazama? Sare ya mtu mmoja si sare. Lakini kirudi, mwanangu. Kisipopatikana kingine, hicho kirudi."

Nikaapa kitarudi. Nilikiapia kwa mama yangu mzazi, naye yuko kaburini.

Barua ya pili niliiandika siku iliyofuata, na jirani yangu alisahihisha maneno mawili tu. Nilitaja stakabadhi, siku, kituo ambacho mzigo ulionekana mara ya mwisho. Niliandika: "Ni kweli stakabadhi inasema mitumba. Hata ungekuwa mzigo wa magunia matupu, mliupokea kwa mikono yenu mkauchukulia nauli, na hamwezi kueleza uko wapi. Sitaki kiwango chenu. Nataka bei ya manunuzi ya vitenge vyote pamoja na nauli mliyolipwa, ndani ya siku kumi na nne. Msipolipa nitapeleka malalamiko kwa mamlaka inayowapa leseni, kisha mahakamani." Nikaambatanisha ruhusa ya Kigoma na risiti yake ya manunuzi, majina ya wanawake na sahihi zao, waliosaini kwa kidole gumba nao wamo, na kitenge. Nilikataa kuondoka mpaka nakala yangu ilipogongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri ulikosa wino mara ya kwanza, nikasema gonga tena.

Ghalani hawakukuta kitu. Jumamosi ya harusi ilifika, nami sikwenda. Ningekwenda na uso gani? Binti wa yule mama, bibi harusi mwenyewe, alinitumia picha bila neno hata moja. Wanawake wamesimama mistari miwili, mmoja kavaa kijani, mmoja nyekundu, mmoja gauni la sherehe ya mtu mwingine, kama watu waliokutana kwenye foleni ya hospitali. Mama mtu yuko katikati, na gauni la kahawia lililopauka mabegani. Niliitazama picha ile mpaka simu ikazima chaji.

Siku zangu kumi na nne zikaisha, nikapeleka malalamiko kwa mamlaka kama nilivyosema, nakala kwao. Hapo ndipo simu ya meneja ikaja. Wamekubali. Bei ya manunuzi na nauli, faida hawalipi. Nikasema sawa. Kwa hali niliyokuwa nayo ningesema sawa kwa nusu yake, kwa kuwa watu wa Maneromango walikuwa wameanza kupiga simu kwa mwenye nyumba wangu. Nilipofika ofisini akanipa karatasi ya kusaini. Nikasaini huku machozi yananidondoka, nikasema Mungu awabariki. Nikawabariki, loo!

Nilipofika mlangoni nikakumbuka. "Na kitenge changu cha mfano?"

Akatazama faili. Kitenge kilikwenda makao makuu pamoja na vielelezo, akasema, na faili limeshafungwa. Kisha akanionyesha mstari kwenye karatasi niliyoisaini. Nimepokea malipo kamili, na sina madai mengine yoyote kuhusu mzigo huu.

"Hicho hakikuwa mzigo," nikasema. "Hicho nilikileta mimi kwa mkono."

"Ndiyo, mama. Ila umesaini."

Nilirudisha hela Maneromango nyumba kwa nyumba. Pale penye pengo kati ya kile alichonilipa mtu na ile bei ya manunuzi, nikaziba kwa cherehani yangu, niliyoiuza. Wanawake walipokea, wengine wakaniombea dua, aliyeniita mwizi akanipa maji ya kunywa. Mama mwenye harusi nilimwacha mwisho. Nikamwekea zake mkekani, bei nzuri kuliko ya wote.

Akazisogeza kwangu kwa ncha ya vidole. "Mimi sikudai," akasema. "Mimi changu nilikipata. Kiko wapi?"

Nikaaga.

Sasa naandika barua ya tatu, na mkono umetulia. Haina fidia, haina siku kumi na nne, haina mamlaka. Jirani yangu ameisoma, akavua miwani, akasema kisheria haina nguvu, nimeshasaini. Nikamwambia najua. Imeandikwa kwamba kwenye faili langu, makao makuu, kuna yadi sita za kitenge cha zambarau, maua ya njano, kipya, hakijashonwa. Mwenyewe ni mama wa Maneromango. Anakiomba.